Kirikuu ya mkopo wa awamu imevuruga vitabu vyako? Tafuta dalili yako hapa

Wadau, hii nimeiandika kwa sababu maswali ni yale yale kila mwisho wa mwaka. Mtu ana bekari, ana duka la jumla, anasambaza maji au soda, amechukua kirikuu yadi kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo, biashara inaenda vizuri kabisa, ila siku ya kufunga hesabu vitabu vinagoma. Salio la yadi linasoma kinyume, faida imekuwa hasara, au stetimenti ya yadi inasema kingine na daftari lake linasema kingine. Mimi ni mtunza vitabu wa biashara ndogo na matatizo ya namna hii nimeyakuta mara nyingi mpaka naweza kukwambia kosa liko wapi kabla hujafungua faili, kwa sababu makosa yenyewe ni machache, yanajirudia tu.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho ili usipotee. Dada mmoja mwenye bekari Morogoro alichukua kirikuu ya kusambazia mikate tarehe 1 Januari, namba nimezirekebisha kidogo ziwe nyepesi. Bei ya keshi milioni 15. Kianzio milioni 3. Zikabaki milioni 12, na kwenye hizo yadi wakamwekea riba flati ya asilimia 13.5 kwa mwaka kwa miaka miwili, yaani 3,240,000. Jumla ya deni na riba ni 15,240,000, ukigawa kwa miezi 24 unapata rejesho la 635,000 kila mwisho wa mwezi. Kadi ya gari inakaa yadi mpaka rejesho la mwisho, ila gari lipo kwake, linabeba mikate yake, mafuta na matengenezo ni juu yake.

Kabla hujahangaika na dalili yoyote chukua mkataba wako na kalamu uandike namba nne pembeni: bei ya keshi, kianzio, rejesho la mwezi, idadi ya miezi. Alafu zidisha rejesho kwa miezi, jumlisha kianzio, toa bei ya keshi. Kwa dada wa mikate ni 15,240,000 jumlisha 3,000,000 ni 18,240,000, toa 15,000,000, inabaki 3,240,000. Hiyo ndiyo riba yote ya mkataba, haiongezeki wala haipungui kama umelipa kwa wakati. Namba hii iweke karibu, kwa sababu mara nyingi tofauti unayoitafuta kwenye vitabu ni hiyo hiyo, au kipande chake.

Dalili ya kwanza: Umemaliza kulipa, lakini akaunti ya yadi haijafunga

Hii ndiyo inaongoza. Mtu kalipa marejesho yote 24, kadi amepewa, anafungua akaunti ya yadi anakuta bado ina salio, na mara nyingi salio liko upande wa debiti, yaani vitabu vinasema yadi ndio wanadaiwa na yeye. Wengine hufurahi wakidhani wamelipa zaidi. Hujalipa zaidi ndugu yangu.

Sababu ya kwanza, ambayo ndiyo nyingi kupita zote: riba haijawahi kuingizwa. Siku ya kwanza uliandika deni la milioni 12, sawa kabisa. Alafu kila mwezi ukaandika debiti yadi 635,000, krediti benki 635,000, basi ukaishia hapo. Mwisho wa miaka miwili umetoa 15,240,000 kwenye deni la 12,000,000, kwa hiyo lazima libaki debiti la 3,240,000. Linganisha na ile namba uliyoandika pembeni ya mkataba, zikifanana tatizo umeshalipata, hakuna haja ya kukagua risiti moja moja usiku kucha.

Dawa yake ni kwamba kila mwezi kunakuwa na maingizo mawili, sio moja. Kwanza riba ya mwezi inaongeza deni, alafu rejesho linapunguza:

```
1 Jan   Dr Gari       15,000,000
            Cr Benki              3,000,000
            Cr Yadi              12,000,000

31 Jan  Dr Riba          240,913
            Cr Yadi                 240,913

31 Jan  Dr Yadi          635,000
            Cr Benki                635,000
```

Deni linalobaki baada ya Januari ni 11,605,913. Yaani katika ile 635,000 uliyotoa, iliyopunguza deni kweli ni 394,087 tu, nyingine imeliwa na riba. Hiyo 240,913 imetoka wapi nitaielezea kwenye dalili ya tatu, usiwe na haraka.

Sababu ya pili ni kianzio kuingizwa chote kwenye gari wakati sio chote cha gari. Unakuta mtu ametoa milioni 3.6 siku ya kuchukua gari, ndani yake kuna bima kubwa ya mwaka na ada ya treka, yeye anaandika kianzio 3,600,000 kwa hiyo deni linaanza na 11,400,000 badala ya milioni 12. Kuanzia hapo kila kitu kinakuwa pungufu kwa 600,000 mpaka mwisho. Angalia risiti ya siku ile ile, sio mkataba peke yake. Bima ni gharama ya mwaka husika, haiingii kwenye thamani ya gari. Ada ya usajili yenyewe inaingia, kwa sababu bila usajili gari haliwezi kuanza kazi.

Sababu ya tatu ni faini za kuchelewesha. Umechelewa siku kadhaa wakakukata faini, wewe ukailipa pamoja na rejesho ukaandika yote kama rejesho. Faini itoe huko uipeleke kwenye gharama za faini, usiichanganye na riba ya mkataba maana utapoteza ule urahisi wa kulinganisha na namba yako ya pembeni.

Kama salio lililobaki ni shilingi chache, tuseme chini ya mia moja, hayo ni makombo ya kuzungusha desimali, yamalizie kwenye riba ya mwezi wa mwisho. Ila kama ni maelfu usilazimishe kufunga kwa kutunga ingizo, rudi juu utafute.

Dalili ya pili: Akaunti ya yadi imefunga sifuri, lakini faida haieleweki

Hii ni mbaya kuliko ya kwanza kwa sababu haipigi kelele. Urari unakubali, yadi sifuri, kila mtu ametulia.

Sababu inayotokea zaidi: gari limeandikwa kwa bei ya mkopo. Mtu anajumlisha kila shilingi atakayotoa, 18,240,000, anasema hiyo ndiyo bei niliyonunulia. Deni anaandika 15,240,000, marejesho yanalimaliza bila shida. Kumbe ameificha riba ndani ya bati. Jaribio lake ni jepesi, fungua akaunti ya riba. Kama haina kitu na wewe unajua umelipa riba ya zaidi ya milioni tatu, jibu unalo. Jaribio la pili ni kujiuliza gari lile ungelikuta kwa jirani yako anayelipa keshi, angeliandika kwa shilingi ngapi? Milioni 15. Gari halibebi mikate mingi zaidi kwa sababu limekopwa, kwa hiyo nawe unaliandika milioni 15, na hiyo 3,240,000 ni bei ya kupewa muda, inaingia kwenye riba ya miaka ile miwili uliyopewa huo muda.

Ukiiacha ndani ya gari uchakavu nao unaharibika. Dada wa mikate anategemea kirikuu imtumikie miaka 5 alafu aiuze milioni 3. Uchakavu sahihi ni 15,000,000 toa 3,000,000 gawa kwa 5, ni 2,400,000 kwa mwaka. Akitumia bei ya mkopo inakuwa 3,048,000. Tofauti ni 648,000 kila mwaka, ambayo ukiizidisha kwa miaka 5 unarudi kwenye 3,240,000 ile ile. Maana yake anailipa riba ya miaka miwili kwenye vitabu kwa miaka mitano, mwaka wa nne na wa tano bado anabeba riba ya deni lililokwisha zamani.

Sababu nyingine ni kinyume chake: gari halimo kwenye vitabu kabisa, na marejesho yote yamepelekwa kwenye gharama kama kodi ya pango. Hapa faida inaanguka vibaya mwaka wa kwanza. Kwa mfano wetu angeandika gharama ya 10,620,000, yaani kianzio na marejesho 12, wakati gharama halali ya mwaka huo ni riba 2,332,000 na uchakavu 2,400,000, jumla 4,732,000. Biashara inaonekana inakufa na benki wanakunyima mkopo mwingine, kumbe 5,888,000 iko ndani ya kirikuu iliyopaki nje.

Watu wanafanya hivi kwa sababu wanasema "gari bado sio langu, kadi iko yadi". Naelewa kabisa wanakotoka, hata kwenye bodaboda za mkataba dereva anasema pikipiki ni ya bosi mpaka amalize. Kisheria sawa, lakini uhasibu unaangalia nani anafaidika na kitu na nani anabeba hasara kikiharibika. Tairi ikipasuka unanunua wewe, gari likishuka bei sokoni anayeumia ni wewe. Kwa hiyo linaingia kwenye vitabu vyako siku ulipolichukua, na deni lake upande wa pili.

Ukigundua kosa hili mwaka ule ule kabla hujafunga, rekebisha tu mwenyewe. Ila kama hesabu za mwaka uliopita zimeshafungwa na zimeshapelekwa TRA, simama hapo, usifute wala usibadilishe kitu. Mtafute mhasibu mwenye cheti cha NBAA, kwa sababu marekebisho ya mwaka uliopita yana utaratibu wake na yanagusa kodi uliyokwisha kulipa.

Dalili ya tatu: Riba yako na stetimenti ya yadi hazilingani

Jumla mnakubaliana, 3,240,000, ila mwisho wa mwaka wa kwanza wewe unasema deni limebaki hivi na wao wanasema vile.

Sababu kubwa ni kugawa riba sawa kwa sawa. 3,240,000 gawa kwa 24 ni 135,000 kwa mwezi, mwaka 1,620,000. Inavutia kwa sababu ni rahisi, na ule mkataba wenyewe wa flati ndivyo ulivyopigwa. Lakini fikiria kidogo, Januari ya kwanza unadaiwa milioni 12 na Desemba ya pili unadaiwa laki sita na ushee, itakuwaje miezi yote miwili ilipe riba ile ile? Riba inafuata deni, deni likiwa kubwa nayo inakuwa kubwa, likipungua nayo inapungua.

Sasa ile asilimia 13.5 huwezi kuitumia kwenye deni linalopungua, haitafunga. Inabidi utafute riba halisi ya mwezi, na ekseli inakupa kwa mstari mmoja:

```
=RATE(24,-635000,12000000)
```

Namba ya kwanza ni miezi, ya pili ni rejesho likiwa na alama ya kutoa, ya tatu ni deni baada ya kianzio, sio bei ya gari. Jibu ni asilimia 2.0076 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni kama 24. Ndiyo, flati ya 13.5 ni 24 ukiihesabu kwenye deni halisi, na wengi huwa hawajui mpaka siku wanapofungua ekseli. Kuanzia hapo kila mwezi unazidisha salio la mwanzo kwa kiwango hicho:

| Mwezi | Salio la mwanzo | Riba | Rejesho | Salio la mwisho |
|---|---|---|---|---|
| Januari | 12,000,000 | 240,913 | 635,000 | 11,605,913 |
| Februari | 11,605,913 | 233,001 | 635,000 | 11,203,914 |
| Machi | 11,203,914 | 224,931 | 635,000 | 10,793,845 |

Ukiendelea hivyo, mwisho wa Desemba riba ya mwaka wa kwanza inafika kama 2,332,000 na deni linabaki kama 6,712,000. Mwaka wa pili riba ni kama 908,000. Linganisha na yule aliyegawa sawa, mwaka wa kwanza amejipa faida ya zaidi ya laki saba ambayo haipo, alafu mwaka wa pili itamrudia.

Hapa kuna mtego mdogo umewanasa wengi, nikiwemo mimi mwanzoni. Ekseli ikikupa jibu inaandika 2% tu kwenye seli, imeficha desimali. Mtu anasoma 2%, anaenda kuandika 2% kwa mkono kwenye jedwali lake, mwezi wa 24 unaisha na salio hasi la kama 16,600 na hajui limetoka wapi. Usiandike kwa mkono, elekeza jedwali kwenye seli yenye ile fomula yenyewe.

Sababu ya pili ya kutolingana ni kwamba yadi wanatumia njia ya jumla ya tarakimu, ile ya zamani ya kwenye vitabu vya shule, na sio kosa lako wala lao. Unajumlisha 24, 23, 22 mpaka 1, unapata 300. Unagawa 3,240,000 kwa 300 unapata 10,800. Mwezi wa kwanza unabeba mafungu 24, ambayo ni 259,200, wa pili mafungu 23, mpaka wa mwisho fungu moja la 10,800. Mwaka wa kwanza unatoka 2,397,600 na wa pili 842,400. Ukiangalia, tofauti na njia ya RATE ni kama 65,000 kwa mwaka mzima. Kama huna kompyuta njia hii inakutosha kwa mkataba mfupi, mimi siwezi kugombana na mtu anayeitumia kwenye daftari. Ila hesabu zikikaguliwa zitatakiwa za riba halisi, na mkataba ukiwa wa miaka minne au mitano tofauti inakuwa kubwa, usiitumie.

Sababu ya tatu ni tarehe. Mkataba unasema rejesho ni tarehe 15, wewe unafunga mwaka tarehe 31 Desemba. Kutoka 15 mpaka 31 riba imeshatembea hata kama hujadaiwa. Andika nusu ya riba ya mwezi unaofuata kama riba ya mwaka huu ambayo haijalipwa. Na kama rejesho la Desemba hukulilipa kabisa kwa sababu ya ukata, riba ya Desemba bado inaandikwa, kutolipa hakuifuti.

Kama umepitia zote tatu na bado mko mbali kwa zaidi ya rejesho moja, omba yadi wakupe ratiba yao ya marejesho kwa maandishi, ukae nayo mstari kwa mstari. Kama waliwahi kukuongezea muda au kukubadilishia rejesho katikati ya mkataba, acha kurekebisha mwenyewe, mpe mhasibu, kwa sababu kiwango cha riba na deni vinatakiwa kuangaliwa upya kuanzia siku ya mabadiliko na ile RATE yako ya mwanzo haitoshi tena.

Dalili ya nne: Uchakavu unakataa

Hii fupi. Sababu ya kwanza ni ile ya kuchakaza bei ya mkopo, tumeshaisema. Ya pili, mtu anasubiri kadi ndio aanze uchakavu, kwa hiyo miaka miwili ya kwanza ni sifuri na mitatu iliyobaki inabeba mzigo wote. Uchakavu unaanza gari linapokuwa tayari kwa kazi, kadi haihusiki. Ya tatu, mtu anachakaza kwa miezi 24 kwa sababu mkataba ni miezi 24. Mkataba ni wa kulipa, umri wa gari ni kitu kingine. Kama gari ni lako mwisho wa mkataba, tumia umri wa gari.

Ukinunua katikati ya mwaka, hesabu miezi. Kirikuu ingechukuliwa 1 Septemba, mpaka Desemba ni miezi 4, uchakavu ni 800,000 sio 2,400,000.

Alafu kuna wanaokuja wamechanganyikiwa kwamba uchakavu wa vitabuni ni 2,400,000 lakini kwenye hesabu za kodi mshauri ameweka 5,625,000. Hakuna aliyekosea. TRA hawatumii uchakavu wako, wana wao, na gari la mizigo linalobeba chini ya tani 7 liko daraja la kwanza la asilimia 37.5 kwa thamani inayopungua, kwa hiyo 15,000,000 mara asilimia 37.5 ni hiyo 5,625,000. Usibadilishe vitabu vyako vifanane na hesabu ya kodi, kila moja ibaki kwake. Na hii hesabu ya kodi mwachie mshauri wa kodi, usiijaze kwa kubahatisha.

Dalili ya tano: Mizania inaonyesha deni kubwa kuliko unavyodaiwa

Mara nyingi mtu amezidisha marejesho yaliyobaki. Mwisho wa mwaka wa kwanza yamebaki 12, mara 635,000 ni 7,620,000, anaandika hilo ndilo deni. Lakini ndani yake kuna riba ya mwaka kesho 908,000 ambayo muda wake haujafika, huwezi kudaiwa riba ya Machi ijayo leo. Deni ni 6,712,000. Jaribio ni rahisi, salio la mizania lazima lilingane na salio la mwisho kwenye jedwali la mwezi husika.

Na lote hilo linakaa kwenye madeni ya muda mfupi kwa sababu linaisha ndani ya miezi 12. Siku ya kwanza ingekuwa tofauti, milioni 12 ingegawanyika 5,288,000 ya mwaka mmoja na 6,712,000 ya baadaye. Benki wakisoma mizania yako huo mgawanyo wanauangalia sana, kwa hiyo usiutupie tu upande mmoja.

Dalili ya sita: Mkataba umekatika kabla ya wakati

Hapa kuna hali mbili. Ya kwanza nzuri, umepata pesa unataka kumaliza deni mwezi wa 12. Vitabu vyako vinasema 6,712,000, yadi wanakutajia namba nyingine. Wakisema kama 6,777,600 ujue wanatumia jumla ya tarakimu, maana ni 7,620,000 toa ile riba yao ya mwaka wa pili 842,400. Wakisema 7,620,000 maana yake hawakupunguzii riba hata senti, na hapo kulipa mapema hakukupi faida yoyote, heri pesa ukanunulie unga wa ngano ukaendelea kulipa taratibu. Soma kipengele cha kumaliza mapema kwenye mkataba kabla hujapeleka hela. Ukilipa zaidi ya salio la vitabu, ile ziada ipeleke kwenye riba ya mwaka huo.

Hali ya pili ni gari kuchukuliwa kwa sababu umeshindwa kulipa, na hii inaniuma kila nikiikuta. Kwenye vitabu gari lina thamani ya 12,600,000, yaani milioni 15 toa uchakavu wa mwaka mmoja. Deni 6,712,000. Wakichukua gari na deni wakalifuta, bila kukurudishia kitu, umepoteza 5,888,000, ile ile tuliyoiona imekaa ndani ya kirikuu kwenye dalili ya pili. Inaingia hasara mwaka huo huo.

Lakini usiandike hilo ingizo siku gari linapoondoka. Subiri karatasi. Kuna yadi zinachukua gari, zinaliuza, alafu zinakuja kudai pungufu, na kuna mikataba ambayo ziada inatakiwa irudi kwako. Mpaka ujue ipi ni ipi deni bado liko hai kwenye vitabu na riba inaendelea kutembea. Nenda na mkataba, risiti zote na barua waliyokuachia kwa mwanasheria kwanza, mhasibu wa pili, kwa sababu kiasi cha kuandika kitatokana na haki zako kwenye ule mkataba. Vivyo hivyo kama kirikuu imepata ajali kubwa na bima kubwa ndiyo inalipa, mara nyingi hundi inaanza kwa yadi kabla haijafika kwako, kwa hiyo omba maandishi ya kiasi walichokata kwenye deni ndio uguse vitabu.